Idara tano, tarehe moja: namna ya kuhesabu siku kurudi nyuma hadi uzinduzi wa Nzuguni

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mratibu katika kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Miaka yote tumeuza kwa ndoo na madumu, sasa tunataka kuzindua chupa ya lita moja siku ya kwanza ya maonesho ya Nane Nane, tarehe 1 Agosti, pale Nzuguni. Tunataka chupa 3,000. Leseni ya alama ya TBS tumeiomba, bado tunaisubiri. Zimebaki siku 75. Nimeziambia idara zote, yaani ubora, masoko, manunuzi, uzalishaji na fedha, zimalize kazi zao ifikapo 30 Juni ili Julai iwe ya kujaza chupa. Zote zimekubali, lakini kila mkuu wa idara ananiambia anamsubiri mwenzake. Niipangeje ratiba hii?*

Marahaba, ndugu yangu. Wakuu wako wa idara wanasema kweli, na tatizo liko kwenye hiyo 30 Juni. Chukua lebo peke yake. Ubora wakileta maandishi ya lebo jioni ya 30 Juni, wametimiza ahadi. Masoko wakileta mchoro jioni hiyohiyo, nao wametimiza. Manunuzi nao uliwaambia siku hiyo lebo ziwe zimeshapatikana. Sasa mchoro utakamilikaje kabla ya maandishi, na mchapaji atachapa nini kabla ya mchoro? Tarehe moja uliyowapa watu watano imeficha foleni ndefu ndani yake. Kila mmoja anaweza kuwahi kwenye daftari lake na bado lebo zisiwepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kuandika kazi na kuanza kuandika makabidhiano. "Kutengeneza lebo" ni kazi, na haina mwenyewe kwa sababu idara nne zinaishika. "Ubora anawakabidhi masoko maandishi ya lebo yaliyosainiwa" ni makabidhiano. Yana kitu kinachoshikika, yana anayetoa, yana anayepokea, na yana siku. Ratiba yako yote iwe ya mistari ya namna hiyo, na kwa uzinduzi wa ukubwa wenu mistari 25 hadi 30 inatosha. Ikizidi hapo, ujue umeanza kuandika kazi za ndani za idara, na hizo waachie wenyewe.

Sheria moja nakuomba uishike bila huruma: anayetoa na anayepokea kitu kilekile wasipewe siku moja. Lazima kuwe na nafasi kati yao, na nafasi hiyo iwe sawa na muda ambao mpokeaji anauhitaji kukifanyia kazi kile alichopokea.

Siku yenyewe usiiandike kwa tarehe tu. Ihesabu kutoka uzinduzi kurudi nyuma, kwamba tarehe 1 Agosti ni Siku 0, 31 Julai ni Siku 1, 2 Julai ni Siku 30, na leo ni Siku 75. Watu wakizoea kusema "tupo Siku 40" wanaona umbali uliobaki, jambo ambalo "tarehe 22 Juni" haiwaonyeshi. Kwenye Excel weka tarehe ya uzinduzi kwenye kisanduku B1, idadi ya siku kwenye safu ya D, na safu ya E iwe na hesabu hii, kisha uivute hadi chini:

```
=$B$1-D4
```

Safu inayofuata iandike siku ya juma, ili uone mapema ni makabidhiano gani yameangukia Jumapili:

```
=TEXT(E4,"ddd")
```

Zikitokea hizo, zisogeze nyuma hadi Jumamosi. Usizisogeze mbele hadi Jumatatu, kwa sababu ukifanya hivyo unakuwa umekopa siku kwa mtu anayefuata bila kumuuliza.

Sasa tuitembee foleni ya lebo kinyumenyume, maana ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayobeba uzinduzi wenu. Nimechukulia kwamba watu wako wanaweza kujaza, kufunga vizibo, kubandika lebo na kupanga kwenye katoni chupa 600 kwa siku. Kama hujui kasi yenu, kesho tafuta chupa tupu 50 za aina yoyote ya lita moja, wajaze huku saa inahesabu, ndipo urekebishe namba zangu. Kwa 600 kwa siku, chupa 3,000 ni siku tano za kazi, na ukiweka Jumapili moja ni siku sita za kalenda. Mzigo uwe Nzuguni Siku 2, yaani 30 Julai, ili 31 Julai iwe ya kupanga banda. Kati ya kumaliza kujaza na kusafirisha acha siku nne ambazo hazina kazi yoyote, na sababu yake nitaieleza. Kwa hesabu hiyo kujaza kunaanza Siku 12, tarehe 20 Julai, na kunaisha Siku 7.

Lebo zinatakiwa stoo Siku 16, siku nne kabla ya kujaza. Tuseme mchapaji wa Dar es Salaam amekuambia anahitaji siku 14 tangu apokee malipo ya awali. Ongeza siku tatu za basi au lori hadi Dodoma pamoja na kuzikagua. Hapo 16 na 3 na 14 inakuwa 33. Siku 33 ni 29 Juni, na siku hiyo lazima mchapaji awe na vitu viwili mkononi: nakala iliyosainiwa na hela. Kabla yake zinahitajika siku nne za kusoma nakala ya majaribio, kurekebisha na kusaini, kwa hiyo mchoro kamili unafika Siku 37. Na mchoraji, hata kama alishaanza mapema, anahitaji siku tano kuingiza maandishi ya mwisho na kuyapanga. Inakuwa Siku 42, tarehe 20 Juni.

Umeona ilipoangukia? Ubora walikuwa na 30 Juni moyoni. Wangekuja na maandishi yao siku hiyo, wakiwa wamejitahidi na wamewahi, na wangekuwa wamechelewa siku kumi.

Mistari ya lebo kwenye ratiba yako, basi, itasomeka hivi:

Siku 50 (12 Juni): manunuzi anawakabidhi masoko chupa halisi, tupu, ya aina itakayonunuliwa.
Siku 42 (20 Juni): ubora anawakabidhi masoko maandishi ya lebo, yamesainiwa.
Siku 37 (25 Juni): masoko anawakabidhi ubora na manunuzi nakala ya majaribio, imechapwa kwa ukubwa wake halisi.
Siku 33 (29 Juni): ubora anasaini nakala, fedha wanalipa malipo ya awali, manunuzi anaagiza.
Siku 16 (16 Julai): manunuzi anamkabidhi uzalishaji lebo stoo, na moja imebandikwa kwenye chupa iliyojaa na kusomwa na skana.

Mstari wa kwanza, ule wa chupa tupu, wengi hawauandiki, nami siku moja sikuuandika. Kiwanda kimoja nilichokuwa nakipangia ratiba kilipima chupa, kikachora lebo, kikachapa 5,000. Wiki moja baadaye mtu wa manunuzi akapata chupa nyingine ya lita moja, nafuu zaidi, nyembamba kwa milimita tatu tu ya kipenyo. Alifanya kazi yake vizuri, maana hakuna mahali ratiba yangu ilipomwambia kwamba chupa imeshafungwa. Lakini milimita tatu za kipenyo ni karibu milimita tisa na nusu za mzunguko. Lebo iliyozunguka chupa ya kwanza ikakutana ncha kwa ncha, kwenye chupa ya pili ikajipanda kwa karibu sentimita moja, na ncha ya juu ikaenda kufunika upande wa msimbomilia, ile mistari inayosomwa na skana ya supamaketi. Tulikaa na mikasi usiku kucha tukipunguza lebo moja moja. Tangu hapo, kwenye kila ratiba ninayoandika kuna mstari unaosema chupa imefungwa, na baada ya hapo hakuna anayeibadilisha bila mkutano, hata kama ni ya bure.

Kwenye nakala ya majaribio ya Siku 37, angalia mambo mawili ambayo kwenye kioo cha kompyuta hayaonekani. La kwanza ni rangi ya huo msimbomilia. Masoko wa mafuta ya alizeti wanapenda njano na nyekundu, na wana haki, lakini skana nyingi za dukani zinamulika mwanga mwekundu, na mistari myekundu mbele ya mwanga huo huonekana kama karatasi nyeupe. Mistari iwe myeusi kwenye eneo jeupe. Na kama namba ya msimbomilia kutoka GS1 Tanzania mlikuwa nayo kwa ajili ya dumu, msiihamishe ileile; kila ujazo unatakiwa uwe na namba yake. La pili ni mahali pa kugonga namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Eneo hilo lisipakwe ile ngozi ya kung'arisha, maana wino wa mhuri haushiki juu yake. Ukiligundua hilo Siku 37 ni simu moja kwa mchoraji. Ukiligundua Siku 12, kuna watu sita wamesimama kwenye mstari wa kujaza, na tarehe zinafutika kwa kidole.

Umeuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kuhusu kazi zinazopandana. Usiogope kupandanisha. Masoko wanaweza kuanza kuchora Siku 50 wakiwa na chupa mkononi na maandishi ya rasimu, na ubora wanaweza kuwa bado wanajadili viambato na maelezo ya uhifadhi. Kinachotakiwa ni kuandika kwenye ratiba kitu gani kikibadilika kitaturudisha nyuma. Rangi ikibadilika Siku 45, hasara ni saa mbili za mchoraji. Ujazo au ukubwa wa chupa ukibadilika, anaanza upya. Kwa hiyo kazi mbili zinaweza kwenda sambamba mradi kile kinachobomoa kimefungwa kwanza, na kwenye lebo kinachobomoa ni chupa. Kuchapa, kwa upande mwingine, hakupandani na chochote. Mchapaji akishaanza, kila badiliko ni hela.

Sasa nije kwenye Siku 12, kwa sababu hapo ndipo uzinduzi mwingi unapokwama, hata uliopangwa na watu makini. Siku hiyo vitu vitatu vinakutana kwenye mstari wa kujaza: lebo kutoka manunuzi, chupa na vizibo kutoka kwa muuzaji mwingine, na mafuta kutoka uzalishaji. Tuseme kila mmoja ni mtu wa kuaminika, anawahi mara 8 kati ya 10. Ukimwangalia mmoja mmoja utalala usingizi. Lakini wewe huhitaji mmoja awahi, unahitaji wote watatu wawahi kwa pamoja, na hesabu yake ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, ambayo ni 0.51. Yaani ni sawa na kurusha shilingi. Hata kila mmoja akiwa wa mara 9 kati ya 10, wote watatu watakuwepo pamoja mara 7 tu kati ya 10. Hakuna mzembe hapo. Ni kule kukutana kwenyewe kunakochelewesha.

Ndiyo maana nataka vyote vitatu, si lebo peke yake, viwe tayari Siku 16 wakati kujaza ni Siku 12. Zile siku nne ni za makutano, na hakuna idara inayoruhusiwa kuziita zake. Usigawe siku za akiba kidogo kidogo kwa kila idara. Ukimpa mchapaji siku 17 badala ya 14, atatumia 17, maana kila mtu hujaza muda aliopewa. Ukimpa 14 na wewe ukabaki na tatu mfukoni, zitakuwepo siku ukizihitaji. Akiba yako iwe sehemu mbili tu: siku nne kabla ya makutano, na siku nne baada ya kujaza kabla ya lori kuondoka. Ziandike kwenye ratiba waziwazi kwa jina la akiba na kwa jina lako. Anayetaka kutumia moja aje kuomba, na unaandika ameitumia kwa sababu gani.

Mafuta yenyewe yana sababu yake ya pekee ya kufika mapema, na idara ya uzalishaji wanaweza wasikuelewe mpaka uwaonyeshe. Wamezoea kutoa mafuta mtamboni na kuyatia kwenye ndoo yakiwa bado na uvuguvugu, na kwenye ndoo hakuna anayeona kitu. Chupa ya lita moja inaonyesha. Mafuta yakijazwa yakiwa na nyuzi 45 kisha yakapoa hadi 25, yanapungua ujazo kwa karibu mililita 14 kwa kila lita. Mteja anaona shingo tupu, na mtu wa Wakala wa Vipimo akipita bandani na chombo chake anakuta chini ya lita iliyoandikwa. Tena chupa nyepesi ikifungwa kizibo mafuta yakiwa na moto, yakipoa huvuta mashavu ya chupa ndani, na lebo inajikunja. Mafuta yatolewe, yachujwe, yakae kwenye tangi hadi yapoe kabisa. Mwambie mkuu wa uzalishaji apime ujazo kwa mizani: lita moja ya mafuta ya alizeti yaliyopoa ina uzito wa karibu gramu 920, ukiondoa chupa. Kwa hiyo "mafuta tayari" kwenye ratiba yako imaanishe mafuta yaliyopoa kwenye tangi na yenye cheti cha ubora cha toleo hilo. Yaliyo mtamboni yakitoka leo hayajawa tayari.

Kuna mgongano mwingine ambao hauonekani kwenye mistari ya makabidhiano, nao ni wa watu. Ukimaliza kuandika, chuja orodha kwa jina la mtu. Kiwanda cha ukubwa wenu kwa kawaida kina afisa ubora mmoja, na nina wasiwasi kwamba kati ya Siku 50 na Siku 33 huyo mmoja ndiye anayeandika maandishi ya lebo, anayejibu maswali ya TBS, anayesoma nakala ya majaribio, na bado anapima mafuta ya ndoo ya kila siku. Akikutwa na makabidhiano matatu katika wiki moja, sogeza moja nyuma sasa hivi, wakati bado una siku. Fanya hivyo pia kwa watia saini wa hundi. Siku 33 malipo ya awali yasipotoka, siku 14 za mchapaji hazianzi kuhesabiwa, na kama mwaka wenu wa fedha unaisha 30 Juni, siku hiyo wahasibu wamezama kwenye kufunga vitabu. Mwambie fedha leo kwamba hati ya malipo iandaliwe Siku 37 pamoja na nakala ya majaribio, ibaki saini tu. Na uliza kama kuna mtia saini anayesafiri wiki hiyo.

Kuhusu leseni ya TBS, hiyo usiiweke kwenye ratiba kama kazi ya idara yoyote, maana hakuna idara yako inayoimiliki. Iweke kama geti. Alama ya ubora haichapwi kwenye lebo kabla leseni haijatoka, na mchapaji akishaanza huwezi kuiongeza. Kwa hiyo geti lako ni Siku 33 asubuhi. Kaa na mkurugenzi mapema, wiki hii, mkubaliane kwa maandishi mtafanya nini kama siku hiyo leseni haijafika. Ushauri wangu ni huu: msichape 3,000 kwa matumaini. Nendeni Nzuguni na banda, muonyeshe chupa, watu waonje mafuta kwa mkate, mchukue oda na namba za simu za wenye maduka, na muuze bidhaa ile tu ambayo tayari ina kibali. Mauzo ya chupa yaanze leseni ikifika. Wakurugenzi hawapendi kulisikia hili Siku 70, lakini wanaweza kuliamua kwa utulivu. Siku 33 wanaamua kwa hasira.

Geti la pili ni Siku 12. Hapo sasa una hesabu inayoeleweka: kila siku inayopita bila kujaza inakula akiba yako ya nyuma, na zile siku nne zikiisha, kila siku inayoongezeka inakupunguzia chupa 600. Waulize masoko idadi ndogo kabisa ambayo bado inafaa kwa siku za mwanzo za maonesho. Wakisema 1,200, hizo ni siku mbili za kujaza, Siku 4 na Siku 3, na lori Siku 2. Maana yake hata lebo zikichelewa hadi Siku 5 bado mna uzinduzi, mdogo, na zilizobaki mnajaza huku maonesho yanaendelea hadi tarehe 8. Ukilijua hilo tangu sasa, Siku 9 hutapiga kelele kwa mtu yeyote. Ila masoko wasianze matangazo ya redio kabla ya Siku 12 kupita salama. Vipeperushi na mabango hayo sawa, yana tarehe tu. Tangazo la redio linalosema "chupa zimeshafika" ni deni.

Kuendesha ratiba ni kikao kimoja kila Jumatatu asubuhi, dakika 20, wakiwa wamesimama kama inawezekana. Msisome ratiba yote. Someni makabidhiano ya siku 14 zijazo tu. Na swali usimuulize anayetoa, muulize anayepokea: "Umekipokea? Kinakutosha kuanza kazi?" Anayetoa atakuambia amefika asilimia 90, na asilimia 90 inaweza kukaa wiki tatu. Anayepokea hana sababu ya kukupamba. Mstari unafutwa siku mpokeaji anapoweka saini yake, hata kama ni kwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, mradi uandike.

Dalili ya kwanza ya kukwama ni mstari uleule kujibiwa "inaendelea" Jumatatu mbili mfululizo. Ukiisikia mara ya pili, usisubiri ya tatu. Siku hiyohiyo waketishe anayetoa na anayepokea pamoja, uwaulize ni kitu gani hasa kinakosekana. Mara nyingi utakuta ni kitu kidogo ambacho kila mmoja alidhani ni cha mwenzake, kama anwani ipi iandikwe kwenye lebo, ya kiwanda au ya ofisi ya mjini. Dalili ya pili ni mtu kuanza kukuomba akiba kabla ya Siku 40. Akiba inayoanza kuliwa mapema hivyo inakuambia makadirio ya mwanzo yalikuwa madogo, na itabidi uipitie foleni yake yote upya, si huo mstari mmoja.

Tarehe yako ya 30 Juni ifute leo, na uwaambie wote kwamba imefutwa, la sivyo kuna atakayeendelea kuifanyia kazi kimya kimya. Kisha piga simu mbili kabla ya kikao cha Jumatatu. Ya kwanza kwa mchapaji: siku zake 14 zinaangukia kati ya 29 Juni na 13 Julai, ndiyo siku za maonesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, na tarehe 7 ni sikukuu. Muulize kama siku 14 zake zimehesabu hayo, akujibu kwa maandishi. Akisema 18, foleni nzima inarudi nyuma siku nne, maandishi ya ubora yanakuwa Siku 46 na chupa Siku 54. Bado una nafasi, kwa kuwa leo ni Siku 75. Ya pili kwa muuzaji wa chupa: akutumie chupa tatu tupu na vizibo vyake, za toleo lilelile atakaloliuza Julai. Zikifika, izungushie moja karatasi, ikate inapokutana, uandike urefu wake juu yake kwa kalamu, halafu mpe masoko ile karatasi pamoja na chupa.